Jina, rangi na maneno ya kampuni ya mazishi

*Swali: Sisi ni ndugu wawili, tuna karakana ya majeneza Tabata, Dar es Salaam, tuliyoachiwa na baba. Sasa tumenunua gari na tunataka kuwa kampuni kamili ya mazishi: jeneza, usafiri hadi mikoani, turubai na viti. Mchoraji ametuletea nembo ya njiwa na mshumaa, rangi nyekundu na dhahabu, na bango linalosema: "Umefiwa? Usihangaike! Piga simu sasa upate kifurushi cha VIP kwa bei poa." Kaka anaona liko sawa. Mimi linanitia aibu, ila nashindwa kueleza kwa nini. Tufanyeje ili tuonekane watu wa heshima na si wachuuzi wa misiba?*

Ndugu yangu, aibu hiyo inaelezeka. Chukua bango, na mbele ya kila sentensi weka maneno "Pole sana", kisha soma kwa sauti kama vile aliyefiwa amesimama mbele yako. "Pole sana. Usihangaike!" Tayari umemwamrisha mtu ambaye siku hiyo hana namna ila kuhangaika. "Pole sana. Piga simu sasa." Unamharakisha mtu ambaye tangu alfajiri kila mmoja anamharakisha: hospitali inataka mwili utolewe, ukoo unataka tarehe, padri anataka kujua saa ya ibada. "Pole sana. Upate kifurushi cha VIP kwa bei poa." Hapa hata kaka yako atacheka. Kifurushi ni neno la bando za simu, VIP inawapanga marehemu kwa madaraja, na "poa" ni lugha ya kijiweni. Sarufi haina tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna hata sentensi moja kati ya hizo inayoweza kutamkwa baada ya pole.

Neno "Umefiwa?" lenyewe lina shida ya peke yake. Bango la barabarani linasomwa zaidi na watu ambao hawajafiwa, na kwao swali hilo ni uchuro. Yule mmoja aliyefiwa hahitaji kuulizwa, anajua.

Sasa jaribu hii: "Pole sana. Simu yetu inapokelewa usiku na mchana." Inakaa. "Pole sana. Tunasafirisha marehemu hadi mikoani." Inakaa pia. Sentensi zinazokaa ni zile zinazosema kitu mnachofanya, bila kumwambia msomaji afanye nini. Kwa hiyo bango lenu lote lingeweza kuwa hivi: jina la kampuni, chini yake "Huduma za mazishi", kisha "Majeneza, usafiri wa marehemu, turubai na viti. Dar es Salaam na mikoani. Simu inapokelewa usiku na mchana", na namba. Hakuna alama ya mshangao, hakuna kaulimbiu. Mchoraji atalalamika kwamba bango halina mvuto. Mwambie mtu hatafuti jeneza kwa kuvutiwa. Akishalihitaji, anachotafuta ni namba inayosomeka na mtu atakayepokea.

Na kupokea ndiko ningeweka nguvu kuliko nembo. Anayepiga saa nane usiku hajaona rangi yenu yoyote. Anachokutana nacho kwanza ni kile kinachosikika kabla simu haijapokelewa, na hapa Dar mara nyingi ni wimbo. Hakikisheni namba ya kampuni haina wimbo wa mtandao wa simu, wala wa dini, wala lile tangazo la "bonyeza nyota kuupata wimbo huu". Iite mlio wa kawaida tu. Sentensi ya pili ya kuangalia ni ile ya kupokelea. "Habari yako?" inamlazimisha mfiwa aseme "nzuri" au aanze kueleza kwa nini si nzuri. "Karibu sana" ni ya dukani. Inayofaa ni fupi: jina la kampuni, jina la aliyepokea, "nakusikiliza". Halafu anyamaze. Akishaambiwa, aseme pole, na swali la kwanza liwe "Marehemu yuko wapi kwa sasa?" Jibu la hilo linaamua kila kitu kinachofuata. Kama ni nyumbani, kuna mambo ya daktari au uongozi wa mtaa na kibali cha mazishi kabla ya jeneza lolote. Kama ni mochwari, hakuna haraka ya usiku huo, na mpokeaji aseme hivyo waziwazi: "Usiku huu hakuna kinachowalazimu kuamua. Tuongee asubuhi, nipige mimi au mtapiga ninyi?" Sentensi hiyo haiuzi kitu, na familia huikumbuka kuliko bango lolote.

Swali la pili liwe la dini, liulizwe kwa upole na kwa sababu ya kazi: "Tuandae kwa utaratibu wa dini gani?" Kwa Mwislamu huna jeneza la kumuuzia. Mwili unaoshwa na kukafiniwa na watu wake au wa msikiti, unabebwa kwa jeneza la msikiti ambalo hurudi msikitini, na mazishi hufanyika mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyohiyo. Mnachoweza kutoa ni gari, turubai na viti, na pengine sanda wakiomba. Kijana wenu akianza kumsomea Mwislamu aina za majeneza, kampuni imekwisha kwenye mtaa huo mzima. Kwa Mkristo maswali ni mengine: kanisa gani, mwili utapita nyumbani au utatoka mochwari moja kwa moja, kuaga kutafanyika wapi, na safari ni ya lini.

Sasa maneno ya kumtaja aliyefariki, maana hapa ndipo makampuni huteleza hata yakiwa na rangi nzuri. Madereva wana tabia ya kusema "mzigo". Neno hilo lifukuzwe hata wakiwa peke yao, kwa sababu siku moja litasikika kwenye simu iliyoachwa wazi. "Maiti" ni neno safi kabisa kwenye fiqhi na pwani watu hulitumia bila kukusudia ubaya, lakini familia nyingi za bara hulisikia kama neno la polisi na magazeti. Kwa hiyo kampuni itumie "marehemu" popote inapozungumza na familia, na "mwili" pale tu ambapo kitendo ni cha mwili: kuhifadhi, kusafirisha, kukabidhi. Na jinsi mnavyojua jina mapema, ndivyo mnavyopaswa kulitumia. "Gari la Mama Anna litafika saa moja" ni bora kuliko "gari la marehemu", na ni bora maradufu kuliko "oda namba 14".

Kuna mpaka mwingine ambao watu wema huuvuka bila kujua. Kampuni isiseme maneno ya imani kwa niaba ya wafiwa. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" ni ya familia na mchungaji wao, na "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" ni ya Waislamu wenyewe. Mkiyachapa kwenye ankara mnayageuza kuwa mapambo. Hivyo hivyo "ametangulia mbele za haki" au "amelala": acheni. Ninyi semeni "amefariki", neno lisilo kali wala la kujifanya. Nadhani hapo ndipo staha inapoanzia, kwamba kampuni inajua isichostahili kusema.

Tuje kwenye bei, kwa sababu kuchuuza msiba hutokea hasa kwenye bei, hata kwa kampuni yenye sauti ya upole. Kumbuka anayekuja kwenu si mjane. Anakuja mjomba, au shemeji, au katibu wa kamati ya msiba, na nyuma yake kuna kundi la WhatsApp la familia lenye watu Mwanza, Arusha na Muscat wanaochanga na kuuliza maswali. Yeye hana mamlaka ya kuamua peke yake. Anachohitaji ni ukurasa mmoja anaoweza kuupiga picha na kuutuma kundini bila kulazimika kueleza. Karatasi hiyo ya bei ndiyo kipeperushi chenu halisi, itazunguka kuliko kingine chochote mtakachochapa.

Itengenezeni kwa ajili ya simu. Upande mmoja wa karatasi ya A5, safu moja tu ya maandishi, herufi za pointi 12 au zaidi, kila huduma na bei yake mstari wake. Majeneza yaitwe kwa mbao na umaliziaji: "Msonobari, rangi nyeupe", "Mkongo, vanishi", "Mninga, vanishi, vishikio vya shaba". Msiyaite Dhahabu, Fedha na Shaba, wala VIP na Kawaida. Ukiandika "la kawaida", mjomba anayelichagua analazimika kutuma kundini kwamba amemchukulia dada yake kitu cha kawaida, na ataongeza pesa asizo nazo ili kukwepa neno hilo. Mauzo yataongezeka, ni kweli, na mtu atakaa na hasira ambayo hamtaiona. Ninyi ni mafundi, mna bahati ya kuwa na majina ya kweli ya vitu. Yatumieni.

Mpangilio nao una maadili yake. Wauzaji hupenda kuanza na la ghali ili la kati lionekane nafuu. Anzeni na la bei ya chini, mpande. Na picha ya jeneza la msonobari ipigwe kwa mwanga uleule, pembe ileile na ukubwa uleule kama la mninga. Nimeona orodha ambapo la bei ya chini lilipigwa sakafuni, kwenye kivuli, pembeni kuna ndoo. Hiyo ni kusukuma mtu bila kufungua mdomo.

Halafu andikeni yale ambayo hayamo. Mstari kama "Bei ya usafiri ni pamoja na dereva na mafuta, kwenda tu. Haihusishi mochwari, kaburi wala gari la wasindikizaji" huzuia ugomvi wa siku ya pili, ambao ndio huharibu majina ya kampuni za mazishi. Nchi nyingine zimelazimika kuweka sheria kwa jambo hili. Marekani tangu 1984 ina kanuni inayoilazimu nyumba ya mazishi kumpa mtu orodha ya bei ya kila huduma peke yake, kumtajia bei hata akiuliza kwa simu tu, na kumpa orodha ya majeneza kabla ya kumwonyesha majeneza yenyewe. Uingereza mwaka 2021 iliamuru bei zionekane wazi kwa mpangilio unaofanana, ofisini na kwenye tovuti. Hapa hakuna anayewalazimisha. Mkifanya bila kulazimishwa, hiyo ndiyo tofauti yenu, na hakuna haja ya kuitangaza.

Amri hiyo ya Uingereza ilipiga marufuku kitu kingine: kampuni za mazishi kulipa hospitali au nyumba za kulelea wazee ili ziletewe wafiwa. Hukutaja kama mna vijana wanaokaa nje ya mochwari, lakini ukisoma hapa na unao, waondoe kabla hujamlipa mchoraji. Kijana anayemfuata mtu aliyetoka kutambua mwili wa baba yake anafuta kila ulichoandika kwa heshima. Na kamisheni ya mhudumu wa mochwari lazima ilipwe na mtu, na mtu huyo ni mfiwa, ndani ya bei ya jeneza.

Sasa rangi. Nyekundu na dhahabu ziondoke zote mbili, kwa sababu tofauti. Nyekundu ni ya damu, ya hatari na, tusisahau mji tunaoishi, ya Simba. Kijani na njano vikikaa pamoja ni Yanga au CCM. Haya yanaonekana ya utani mpaka gari lenu lifike kwenye msiba wa kada wa chama kingine wakati wa kampeni. Nyeusi tupu ni ya maombolezo ya Kikristo zaidi, haiwasemi Waislamu ambao kwao msiba una weupe wa sanda, na gari jeusi likifika Korogwe limekuwa la kahawia kwa vumbi. Dhahabu ina kasoro ya kiufundi: haisomeki. Kiwango cha usomekaji cha WCAG, kinachotumika kwa kurasa za mtandaoni, kinataka herufi za kawaida zitofautiane na mandhari yake kwa mwanga angalau 4.5 kwa 1. Dhahabu ambayo namba yake ya rangi kwa mchoraji ni #C9A227, kwenye karatasi nyeupe, inafika kama 2.4 tu. Mzee anayetafuta namba yenu usiku, macho yamevimba, hataiona.

Ningechagua rangi moja na karatasi moja. Buluu ya usiku, #1B2A41, juu ya weupe wa maziwa, #F6F1E7: tofauti yake ni karibu 13 kwa 1, inasomeka hata kwenye picha mbaya ya WhatsApp. Haina dini wala timu. Mkitaka rangi ya pili, ichukueni kwenye mninga wenyewe, ule wekundu wa kahawia baada ya vanishi, itumike kwa mstari mwembamba tu. Basi.

Angalizo moja la kiwandani. Buluu nzito ikienda kwa mchapaji hupenda kugeuka zambarau, hasa wino wa majenta, ule wa waridi, ukikaribia kiasi cha siani, ule wa buluu. Waambieni waache pengo la asilimia 30 au zaidi, kwa mfano siani 100 na majenta 65, kisha waombeni karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano, na mwitazame nje juani, si chini ya taa ya duka. Hii si kujishaua. Zambarau ni rangi ya Kwaresima na ya ibada ya mazishi ya Kikatoliki, na pia ni rangi ya ACT-Wazalendo. Kosa la wino linaweza kuwapa dini na chama kwa siku moja.

Kuhusu nembo nitasema kifupi. Njiwa ni Roho Mtakatifu, mshumaa ni wa kanisani, mwezi na nyota ungewafunga upande wa pili, na mabawa, mawingu na mikono inayoomba vimeshatumika hadi havisemi kitu. Jina lililoandikwa vizuri linatosha. Mchoraji atumie fonti yenye vikono vidogo kwenye ncha za herufi, kama Lora au EB Garamond, ambazo ni za bure kisheria, herufi kubwa mwanzoni mwa neno tu. Ile ya mwandiko wa kujikunjakunja ni ya kadi za harusi. Wala jina lisiwe Peponi au Mbinguni, maana hamuwezi kuahidi mahali msipopeleka watu. Jina la baba yenu, kama familia inakubali, au la mtaa wenu, likifuatwa na "Huduma za Mazishi", ni zuri kuliko mafumbo.

Gari na turubai ndipo kaka yako atakapokataa, kwa hiyo nieleze. Desturi ya mjini ni kuandika jina na namba ya simu kwa herufi kubwa ubavuni mwa gari na kwenye pindo la turubai, ili kila anayehudhuria msiba aione. Lakini msiba ule hupigwa picha na video, na picha hizo familia itazitunza miaka yote. Namba yenu ikiwa nyuma ya jeneza, mmeweka tangazo kwenye kumbukumbu ya watu na hamkuombwa. Kwenye gari wekeni jina tu, mlangoni, herufi za urefu wa sentimita 5 hivi. Kipimo cha wachora mabango ni kwamba kila sentimita 2.5 za herufi husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3, kwa hiyo zenu zitasomeka mita 6. Hiyo inamtosha ndugu anayetafuta gari lake kwenye geti la mochwari, na haipigi kelele barabarani. Turubai liwe jeupe, halina neno. Wahudumu wavae shati jeupe na suruali ya buluu, bila fulana za kampuni, kwa sababu siku hiyo sare ni ya familia, pengine yenye sura ya marehemu kifuani. Watu wanaouliza "hawa ni akina nani?" wataambiwa na wenyeji. Ndivyo kazi hii inavyoenea.

Majeneza yanayotazama barabara pale karakana nayo yarudi nyuma ya ukuta mfupi au pazia. Mtoto akipita asione, anayeyahitaji aingizwe, aketi, apewe ile karatasi, na kijana wenu akae hatua kadhaa mbali mpaka aitwe.

Nichukue safari moja uone vyote vikikaa pamoja. Familia ya Rombo imefiwa na mama Jumanne usiku, mazishi ni Ijumaa. Aliyepiga ni shemeji. Usiku ule amepata pole, ameulizwa yuko wapi na dini gani, na ameambiwa hakuna cha kuamua kabla ya asubuhi. Asubuhi anatumiwa picha moja ya orodha ya bei, na maneno haya tu: "Shikamoo baba. Hii ni orodha yetu. Mkishakaa kama familia, tupo." Akikaa kimya hadi jioni msimpigie kuuliza "mmefikia wapi?" Huo ndio msukumo wenyewe. Kama kuna jambo la muda lisilongoja, lielezeni kama taarifa: "Ili tufike Rombo Alhamisi jioni, gari lingetakiwa kuondoka Dar saa 11 alfajiri ya siku hiyo."

Wakikubali, mnatuma makubaliano ya ukurasa mmoja kwa mweka hazina wa kamati, si kwa mume wa marehemu. Alhamisi barabarani, zaidi ya kilomita 500, dereva ana kazi moja ya mawasiliano: ujumbe mfupi kwa shemeji kwenye vituo vitatu vinne. "Tumefika Korogwe saa 4:30 asubuhi. Safari inaendelea." Halafu Same, halafu Himo mkiiacha barabara kuu kupanda Marangu. Bila alama za mikono iliyokunjwa, bila mishumaa ya kwenye simu, bila picha ya gari. Kule Rombo wanaochimba kaburi na wanaopika wanapanga saa zao kwa ujumbe huo.

Baada ya maziko unabaki ujumbe mmoja halali, na uwe wa msaada: kwamba kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, cheti hutolewa na RITA, na kibali cha mazishi kitunzwe kwa sababu kitahitajika. Baada ya hapo nyamazeni. Msiombe nyota za Google, msitume salamu za arobaini wala za mwaka, na kwenye akaunti zenu za matangazo ya mtandaoni mzime ule mfumo wa kumfuata aliyewahi kutembelea ukurasa wenu. Mjane anayefungua Facebook wiki tatu baadaye akakuta jeneza hatajua kwamba ni mashine imefanya. WhatsApp ya kampuni nayo ina ujumbe wa salamu wa kujituma wenyewe, kaufuteni leo. Picha za misiba msiziweke kwenye status hata kama zimetoka vizuri. Sura za wafiwa ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, na ruhusa inayotolewa katikati ya kilio mimi siihesabu kuwa ruhusa.

Jina likishapatikana, litafuteni kwanza kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, kabla ya kuchonga hata kibao. Mkisajili alama ya biashara, ziangalieni daraja tatu: huduma za mazishi zimo daraja la 45, usafiri la 39, na majeneza kama bidhaa la 20. Mchoraji hutaja moja tu kwa mazoea. Na kama mna nia ya kufanya kazi Unguja, Zanzibar ina usajili wake chini ya BPRA. Cheti cha bara hakiwalindi ng'ambo ile.